Wino Mwekundu kwenye Risiti ya Mjalaba

"Mwizi ni huyo mume wako, na kalamu yake inayotembea kinyumenyume!" Nafula alipiga kelele juu ya ua wa mabua, kidole kimenyooka kama cha askari wa trafiki.

"Mume wangu?" Akiror alitupa ufagio chini. "Mume wangu amefundisha watoto wa watu Kurani hapa Malaba tangu wewe hujajua kufunga kitambaa. Ulikuja hapa na kikapu kitupu, Nafula. Leo una redio. Hiyo redio ilitoka wapi? Iliota nyuma ya nyumba kama uyoga?"

"Niliinunua na mshahara wangu!"

"Mshahara gani? Si ni ule wa shilingi mia na sitini za Mjalaba?"

Wanawake waliokuwa wanaanika nguo waliacha nguo. Utingo watatu kutoka kwenye foleni ya malori walikuja na vikombe vyao vya chai mkononi, wakaegemea nguzo kama watu waliolipa kiingilio. Malaba ni mji wa mpakani, mji wa kungoja, na anayengoja hachagui burudani.

Nafula aliona macho yote yale na roho ikazidi kumchemka. Afadhali mtu atukanwe faraghani. Lakini neno "mwizi" lilikuwa limeshatoka mbele ya watu, na kabla ya saa sita lingekuwa limefika Kocholia.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Nafula alikuwa karani wa duka la jumla la Mzee Omagor, duka lile la mabati ya kijani karibu na stesheni ya reli. Yeye ndiye aliyeuza, aliyeandika risiti na aliyeshika ufunguo. Wiki hiyo alikuwa amemuuzia mfanyabiashara mmoja wa Sudan, mtu wa kanzu na kilemba kikubwa, ambaye mji mzima ulimwita Mjalaba. Mzigo wake ulikuwa wa kwenda Juba kupitia Uganda: viberiti, sabuni na sufuria. Mjalaba alihesabu pesa zake mwenyewe juu ya meza, shilingi elfu mbili na mia tatu, Nafula akazipokea, wakapeana mkono.

Risiti yenyewe ilichukuliwa na watu wa forodha, ikashonwa pamoja na fomu zao na kupandishwa gari la moshi kwenda Nairobi. Lakini Mjalaba alihitaji kitu cha kuonyesha huko Nimule, mpakani mwa Sudan, ambako maofisa husoma Kiarabu, na ndugu zake washirika nao hawajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Kwa hiyo kabla risiti haijaenda, aliipeleka kwa Mutua, yule Mkamba wa studio, ikapigwa picha. Picha ikapelekwa kwa Maalim Bwire, mume wa Akiror, aiandike upya kwa Kiarabu, mstari kwa mstari. Picha na karatasi ya Kiarabu zingesafiri pamoja, ofisa alinganishe hii na hii, agonge muhuri, mambo yaishe.

Hayakuisha. Jana jioni Mjalaba aliingia dukani amevimba kama mkate wa hamira. Karatasi ya Maalim ilisema jumla ni elfu mbili, mia nne na sitini.

"Mimi nimelipa tatu," alisema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, akiinua vidole. "Elfu mbili na mia tatu. Hapa nne na sitini! Nimule watanitoza ushuru wa pesa sikulipa. Ndugu yangu atasema mimi nimekula mia sitini!"

Omagor, ambaye alikuwa mchuuzi wa ng'ombe kabla ya kununua duka na aliyezijua tarakimu kuliko maneno, alidai picha. Akaipitishia kidole. Kweli, mstari ulikuwapo: eksaizi, 160. Akafungua kitabu cha risiti, penye nakala ya kaboni. Nakala haikuwa na mstari huo.

"Mzee, hiyo ni eksaizi, kodi ya viberiti," Nafula alimweleza. "Kiwanda kimeshailipa, iko ndani ya bei. Forodha wanataka kuiona tu, kwa hiyo huwa naiongeza baadaye kwa wino mwekundu, nikishatoa kaboni. Ndivyo yule Mhindi aliyekuwa na duka alivyonifundisha. Chekundu ni cha kusomwa, si cha kujumlishwa."

Omagor aliileta picha karibu na taa. Akaigeuza. Akamsogezea.

"Wekundu uko wapi?"

Nafula aliangalia. Mstari wa eksaizi ulikuwa mweusi ti, mweusi sawasawa na viberiti, na sabuni, na sufuria.

"Umeandika nyuma yangu," Omagor alisema. "Kitabu kinasema hivi, picha inasema vile. Ulitaka kesho uje uniambie Mjalaba bado anadaiwa mia na sitini, nikutume ukamfuate, uzitie kwapani. Au sivyo? Nipe ufunguo. Lori linaondoka kesho mchana. Likiondoka na karatasi mbili zinazogombana, forodha watanifungia leseni. Kabla halijaondoka uwe umenionyesha huo wekundu wako, la sivyo urudi kwenu, na nitawaambia watu sababu."

Ndiyo maana asubuhi hiyo Nafula alikuwa kwenye ua wa jirani na kidole hewani. Yeye alijua alichoandika. Kama wekundu haupo, basi kuna mkono ulioutoa.

Maalim Bwire alitoka nje mwenyewe, kofia imekaa sawa, kikoi kimekazwa. Alikuwa mtu mrefu aliyesoma Mumias na kisha Lamu, na hakuliacha hilo lisahaulike.

"Bi Nafula," alisema, "mimi sijagusa picha ya mtu. Nimeandika nilichokiona."

"Picha inasema jumla ni elfu mbili na mia tatu. Wewe umeandika nne na sitini. Hiyo uliiona wapi?"

"Hesabu zako hazikuwa sawa. Mistari ukiijumlisha inafika nne na sitini. Nikaisahihisha."

"Ukaisahihisha!" Nafula aliwageukia utingo kama mashahidi. "Mmesikia? Kaambiwa atafsiri, yeye amekuwa bwana fedha!"

"Nisingeweza kuweka jina langu chini ya jumla isiyolingana. Ofisa wa Nimule angesema Maalim hajui hesabu."

"Kwa hiyo heri aseme Nafula ni mwizi."

"Eksaizi ipo kwenye safu, nyeusi kama nyingine. Nimeiita kodi, nimeijumlisha. Kama ulikuwa na wino wa miujiza, umwulize aliyepiga picha. Mimi siongezi neno."

"Nenda kamuulize," Akiror alidakia. "Na huko ukamwambie akupige picha na wewe, tukuweke kwenye mlango wa polisi."

Utingo walicheka. Nafula alikwenda huku kicheko kinamfuata mgongoni.

Studio ya Mutua ilikuwa chumba kimoja kati ya kinyozi na hoteli, na nje ameweka ubao wa picha zinazosimamisha wapita njia. Kwa sababu Mutua, tofauti na wapiga picha wa Busia, alikuwa na picha za rangi. Mashavu ya waridi, midomo ya nyanya, shanga za buluu. Alitoza shilingi moja zaidi na kusema ana filamu ya Kijerumani inayoona rangi kama jicho. Watu walitoka Adungosi kwa baiskeli, nguo bora imefungwa kwenye keria, kusudi kamera ya Mutua ione wekundu wake. Nafula mwenyewe alikuwa na moja nyumbani, kitambaa chake cha kichwa kikiwaka kama moto.

Ndiyo maana jana, mbele ya Omagor, hata yeye alikuwa amekosa la kusema. Kamera inayoona wekundu wa kitambaa ingeachaje kuona wekundu wa wino?

"Dada, nina wateja," Mutua alisema kabla hajasalimiwa. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Humu hamna hata nzi. Risiti ya Mjalaba ilikuwa na mstari mwekundu. Uliuona kwa macho yako ulipoiweka chini ya kamera. Uliuona, hukuuona?"

Mutua alianza kupangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi. "Mimi napiga karatasi mia. Sikumbuki wino wa kila mtu."

"Mutua, nafukuzwa kazi."

"Pole."

"Nitaitwa mwizi mpaka kwetu Bungoma. Sema tu uliuona."

"Nikisema niliuona," alijibu polepole, bila kumtazama, "watauliza mbona haumo kwenye picha. Basi nitasema sikuuona. Kwaheri, dada."

Mutua hakukataa kwamba wekundu ulikuwapo. Alikuwa anaogopa swali linalofuata. Nafula hakuaga. Alilisukuma pazia jeusi la chumba cha nyuma na kuingia.

"Wewe! Huko hapaingiwi!"

Kwenye kamba, zimebanwa kwa vibanio vya nguo, zilining'inia picha zilizokuwa bado mbichi. Ya kwanza ilikuwa ya Alupo, muuza pombe ya ajono, aliyepigwa juzi kusudi amtumie bwana wake wa Kampala. Mji mzima ulilijua gauni lile alilovaa. Alitembea nalo barabara nzima, jekundu la kuumiza macho, wenye malori wakapiga honi. Kwenye picha, gauni lilikuwa jeusi. Alupo alionekana kama mjane.

Na mezani, chini ya picha hiyo, palikuwa na vichupa vya rangi, pamba na brashi nyembamba. Kichupa chekundu kilikuwa wazi.

Nafula alimgeukia Mutua, na kwa mara ya kwanza tangu jana aliteremsha sauti.

"Kumbe Mjerumani wako anaishi kwenye kichupa."

"Dada Nafula, tafadhali."

"Kamera haioni wekundu. Inauona mweusi. Unapaka kwa mkono."

"Na wewe ulikuwa unapenda kitambaa chako," Mutua alinong'ona. "Nilikaa nacho saa nzima. Risiti nisingeipaka, risiti haina mashavu. Ukiyasema haya nje, nimekwisha. Watanidai shilingi zao kuanzia hapa mpaka Busia."

"Mbona ulitaka nikwishe mimi?"

Nafula aliing'oa picha ya Alupo kwenye kamba, ikiwa bado na maji, akatoka mbio. Mutua alitoka nyuma yake akipiga kelele za kuibiwa, na kwa hivyo akaongeza watazamaji.

Lori la Mjalaba lilikuwa mbele ya duka, turubai limeshafungwa, dereva anagonga magurudumu kwa chuma. Mjalaba alikuwa ndani na Omagor, na Maalim Bwire ameitwa, amekaa kwenye gunia la chumvi na wino wake. Watu walijaa mlangoni mpaka duka likawa giza. Alupo mwenyewe alikuwamo, kwani hakuna ugomvi uliowahi kumpita.

"Wekundu uko wapi?" Omagor alimpokea kwa swali lile lile.

Nafula aliibandika picha juu ya meza. "Mzee, huyu ni nani?"

"Alupo."

"Gauni lake rangi gani?"

"Jeusi."

"Jeusi?" Alupo alijipenyeza mbele kwa viwiko. "Nani kaniulia mume? Hiyo ni gauni yangu nyekundu! Mutua, mbona umenivalisha matanga?"

"Haijaisha," Mutua alisema kwa sauti ndogo.

"Waambie inaishaje," Nafula alisema. "Waambie, la sivyo nikachukue kichupa."

Mutua aliangalia mlango. Ulikuwa umeziba. Akasema, kwa maneno machache kadiri alivyoweza, kwamba filamu yake ni nyeusi na nyeupe kama za watu wote, kwamba chekundu hutoka cheusi, na kwamba rangi huipaka yeye. Ndiyo, kwenye risiti ya Mjalaba mstari wa eksaizi ulikuwa mwekundu. Aliuona.

Kelele iliyofuata ilisikika hadi ng'ambo ya mto. Kila mtu alikumbuka shilingi yake. Alupo alimshika Mutua ukosi, na Omagor akapiga meza kwa jiwe la mizani mpaka wakanyamaza.

"Kwa hiyo ulikuwa mwekundu," Omagor alisema. Aligeukia gunia la chumvi. "Maalim. Sasa?"

"Sasa nini?" Maalim alisimama. "Mimi ningejuaje? Wino hauna lugha, mzee. Mtu akitaka kusema kitu hiki kimo ndani ya bei, aandike neno. 'Imo.' Yeye kaandika eksaizi, kisha namba, basi, eti rangi imalizie. Rangi imekufa studioni, mimi nikaachiwa maiti."

Neno hilo lilikuwa na ukweli, na lilimuuma Nafula zaidi kwa kutoka kwa Maalim.

"Haya, hilo ni langu," alisema. "Nitaandika neno. Lakini jumla, Maalim? Jumla ilikuwa nyeusi tangu kuzaliwa kwake. Picha ilisema elfu mbili na mia tatu. Ungemwuliza mwenye mali, ungeniuliza mimi, ua ni mmoja kati yetu. Uliibadilisha kimya kimya ukaweka jina lako. Aliyelipa ni yeye, hukulipa wewe."

Mjalaba, ambaye alikuwa akifuata kwa shida, aliomba kuelezwa. Maalim alilazimika kumweleza kwa Kiarabu, yeye mwenyewe, kosa lake mwenyewe, mbele ya watu wote. Hakuna aliyeelewa maneno, ila kila mtu alielewa uso. Mjalaba alimjibu kwa ukali, maneno mafupi mafupi, akichomachoma ile jumla kwa ukucha.

"Andika," alisema mwishowe kwa Kiswahili. "Hapa. Mimi naona."

Maalim alichukua karatasi safi. Safari hii Nafula alisimama kushoto kwake na picha, akisoma kwa sauti, na Mjalaba kulia, akifuata wino. Majina ya bidhaa yalianzia upande wa kulia, pesa zikakaa kushoto, kila namba chini ya mwenzake. Viberiti, katoni ishirini kwa thelathini na sita: mia saba na ishirini. Sabuni ya mche, makasha arobaini kwa ishirini na mbili na senti hamsini: mia tisa. Sufuria, dazani kumi na tano kwa arobaini na nane: mia saba na ishirini.

"Chora mstari," Nafula alisema. "Elfu mbili, mia tatu na arobaini."

Maalim alichora.

"Punguzo, tano kwa kila mia: mia moja na kumi na saba. Hiyo inatolewa. Usiijumlishe kama kodi yako."

"Nilijua ni ya kutolewa," Maalim alisema kwa meno yaliyobanwa. "Jana pia niliitoa."

"Inabaki elfu mbili, mia mbili ishirini na tatu. Gharama ya kusafirisha mpaka Malaba, sabini na saba, inaongezwa. Jumla?"

Mjalaba alikuwa ameshaijumlisha kwa midomo. Alitangulia kujibu, na Maalim akaandika: elfu mbili na mia tatu.

"Na eksaizi?" Omagor aliuliza. "Tuiache kabisa, yaishe?"

"Ikiachwa, ofisa ataiona kwenye picha na ataitafuta kwenye Kiarabu," Nafula alisema. "Iwekwe. Ila isikae kwenye safu. Ikae chini ya jumla, peke yake."

"Na isiitwe *dariba* hivi hivi," Mjalaba alisema. "Dariba watasema kodi juu. Kwetu ya kiwanda ni *rasm al-intaj*."

Maalim alisita. Kiarabu alichokisoma Lamu kilikuwa cha sala na sheria za mirathi. Hakikuwahi kuingia kiwandani. Aliandika alivyoambiwa, kisha, bila kuambiwa na mtu, akaongeza maneno mawili matatu na kuyasoma kwa Kiswahili ili wote wasikie: ushuru wa uzalishaji wa viberiti, mia moja na sitini, umo ndani ya bei, haukujumlishwa.

Mjalaba alijumlisha tena kutoka juu mpaka chini, akilinganisha na picha, mstari kwa mstari. Akaikunja karatasi. Ya jana aliichana mara nne, akaiacha juu ya gunia la chumvi mahali Maalim alipokuwa ameketi. Hakulipa ujira wa kuandika. Maalim hakudai.

Lori liliwaka, likatoa moshi mbele ya duka zima na kushika njia ya Tororo.

Omagor alitoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye meza badala ya kumpa mkononi. "Kesho fungua mapema," alisema. "Na hicho kiwino chekundu kitupe."

"Kuna neno jingine ulisema jana, mzee."

"Lipi?"

"La kutia pesa kwapani." Omagor akaanza kuhesabu makasha yaliyohesabiwa. Basi Nafula alichukua ufunguo wake na kutoka. Nje, watu walikuwa studioni kwa Mutua, wanadai shilingi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nafasi ya kumwambia Nafula kwamba si mwizi. Asubuhi, jambo la kumwita mwizi lilikuwa limepata watu wengi zaidi.

Alirudi nyumbani jioni akiwa na maneno aliyoyapanga njia nzima kwa ajili ya Akiror, maneno makali, mengine ya Kibukusu kwa sababu Kiswahili hakikumtosha. Lakini uani kwa jirani hapakuwa na mtu wa kugombana naye. Maalim alikuwa ndani, mlango wa chumba umefungwa. Wanawake wa asubuhi walikuwa wanaanua nguo, pole pole sana, masikio yamesimama.

Akiror alitoka jikoni na mwiko wenye ugali wa atapa. Walitazamana juu ya ua.

"Amerudi bila senti," Akiror alisema. "Na hasemi. Umemfanya nini?"

"Nilimsomea namba. Yeye akaandika."

"Nimesikia mlivyomfanya. Mjini kote wanasema."

"Na mimi asubuhi ulinisema mjini kote."

Akiror aliuma mdomo. Aliwatupia jicho wale wa nguo, akamtupia Nafula jicho, akashusha pumzi ya mtu anayebeba mtungi wa mwenzake. Kisha alipaza sauti, ile ile ya asubuhi, ya kufika mpaka kwenye foleni ya malori:

"Sasa unasimama hapo kama kigingi kwa nini, Nafula? Atapa inapoa. Zunguka mlangoni, uingie ule."